Makosa yangu ya kusimamia darasa fildi ya kwanza, na namna ya kuziba mianya hatua kwa hatua

Siku darasa liliponishinda ilikuwa Jumatano ya wiki ya pili, kidato cha kwanza, Jiografia, dabo piriodi ya baada ya uji, na kilichonimaliza ni uzi. Uzi wa kushonea tu, mweusi, nilinunua dukani pale kijijini nikakata vipande vya kama sentimita thelathini, nikavifungia kwenye mfuko wa plastiki nikaingia navyo darasani najiona mwalimu kweli kweli. Somo lilikuwa kupima umbali kwenye ramani, ile unalaza uzi juu ya barabara iliyopinda pinda, unaunyoosha kwenye rula, unasoma sentimita, unageuza kuwa kilomita kwa kutumia skeli. Kwenye karatasi lilikuwa somo tamu sana. Ndani ya dakika ishirini nilikuwa na wanafunzi 68, nusu wamesimama, msichana wa mbele analia kwa sababu nywele zake zimefungwa uzi kwenye kiti, na mwalimu wa darasa la jirani amesimama mlangoni na fimbo ananiuliza mbele yao, "Humu kuna mwalimu?"

Shule ilikuwa Tandahimba huko juu kwenye uwanda wa Makonde, jina silitaji. Naandika hii kwa wanaokwenda fildi ya ualimu kwa mara ya kwanza, hasa mnaopangiwa huku kusini kwetu, na sitaandika kila kitu kuhusu nidhamu maana wiki nane hazikunipa kila kitu. Nitaandika jambo moja ambalo hakuna mhadhiri aliyenikazia nikashika, kwamba kelele nyingi hazianzi na watoto wakorofi, zinaanza pale ambapo mtu hana la kufanya, na mara nyingi aliyemwacha bila la kufanya ni wewe.

Karatasi ya mama

Mwalimu mwenyeji wangu alikuwa mama mmoja aliyefundisha Jiografia miaka mingi, mpole, haongei sana. Siku ile alikuwa amekaa nyuma kabisa. Mi nilidhani anasahihisha madaftari, kumbe anaandika. Jioni akaniita chini ya mwembe, akanipa karatasi, akasema, "Mwanangu, hii usimwonyeshe mtu, isome tu." Haikuwa na maoni hata moja. Ilikuwa na saa, na mbele ya kila saa ameandika ni nani hana kazi.

Saa 4:40 hadi 4:45, wote hawana kazi, mwalimu anaita majina. Saa 4:48 hadi 4:59, wanahamisha meza. Saa 4:59 hadi 5:05, mwalimu anagawa nyuzi, ambao hawajapata wanasubiri, waliopata wanachezea. Saa 5:05 hadi 5:12, mwalimu anaeleza, hasikiki. Na mwisho dakika nane za kukusanya vifaa na kurudisha meza. Akajumlisha chini, dakika 37 kati ya 80.

Aisee nilikaa nayo ile karatasi usiku kucha. Maana mi kwenye shajara yangu nilikuwa nimeshaandika kwamba darasa lina utovu wa nidhamu, na majina matano ya wasumbufu nilikuwa nayo. Nikaanza kuyapitia yale majina matano dhidi ya saa za mama, kila mmoja kosa lake limeangukia ndani ya zile dakika 37. Aliyefunga nywele uzi alifunga saa tano kamili, yaani alikuwa ameshapewa uzi, hajaambiwa wa nini.

Baadaye nikakumbuka tulishasoma chuoni kuhusu Jacob Kounin, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha utafiti wake mwaka 1970. Alirekodi madarasa kwa video akitafuta walimu wazuri wanamkemeaje mtoto msumbufu, akakuta namna ya kukemea haikuwatofautisha sana walimu wazuri na wabovu. Kilichowatofautisha ni yale wanayofanya kabla, kuona darasa zima kwa wakati mmoja, na kuvuka kutoka shughuli moja kwenda nyingine bila kukwama. Niliijibu hiyo kwenye mtihani vizuri tu, nikaja kuielewa chini ya mwembe.

Hatua ya kwanza, itafute mianya kwenye andalio la somo kabla hujaingia

Andalio la somo letu mnalijua, lina hatua, muda, kazi za mwalimu, kazi za wanafunzi, upimaji. Utangulizi dakika tano, maarifa mapya dakika kadhaa, unakwenda hivyo hadi hitimisho. Sasa angalia vizuri, hakuna sehemu ya kuhamisha meza. Hakuna sehemu ya kugawa. Muda wote umegawiwa kana kwamba watoto wanaruka kutoka utangulizi hadi makundi kama umebonyeza kitufe. Kosa langu la kwanza liko hapo, na lilifanyika usiku wa Jumanne nikiwa peke yangu na taa ya sola, si darasani.

Ninachofanya sasa, nikimaliza kuandika andalio nachukua kalamu nyekundu, pale kila shughuli inapoisha na nyingine kuanza napiga mstari. Kwenye kila mstari najiuliza maswali mawili tu. Nani anasogea, na ambaye hasogei anafanya nini. Jibu la swali la pili likiwa "anasubiri" basi huo ni mwanya, lazima niuzibe kabla ya kulala. Somo la dabo piriodi linakuwa na mistari minne au mitano hivi. Ikizidi sita, shughuli zimezidi, punguza. Mi somo langu la uzi lilikuwa na mistari saba.

Mfano mwanya wa kuita majina. Uliniibia dakika tano kila siku na ni mwepisi kuuziba kuliko yote. Andika swali moja ubaoni kabla ya salamu, swali la somo lililopita, jibu lake mstari mmoja. Wakishasalimia na kukaa wanajibu kwenye daftari, wewe unaita majina kwa sauti ya chini au unapita kwenye mistari unahesabu viti vitupu. Ukiwa na mchoro wa nani anakaa wapi huhitaji hata kuita.

Huo mchoro uchore siku ya kwanza, wasikudanganye kwamba utawajua taratibu. Nilizungusha karatasi kila mstari waandike majina kwa mpangilio wa viti, nikanakili nyumbani. Utapata majina ya utani mawili matatu, kuna mmoja aliandika jina la mchezaji mpira na nilimwita hivyo siku nzima darasa linacheka mi sijui wanacheka nini. Kabidhi monita airekebishe.

Hatua ya pili, makundi bila kuhamisha meza

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo walimu wengi wa fildi wanapofia. Chuoni tunaambiwa ufundishaji shirikishi, asesa wa chuo akija anataka kuona makundi, kwa hiyo wote tunaweka makundi. Mi niliweka makundi ya wanane. Chukua 68 gawa kwa nane, unapata makundi manane na watoto wanne wamebaki. Wale wanne sikuwafikiria kabisa. Walizunguka darasani kama abiria waliokosa basi, kila kundi linawafukuza, mwisho wakakaa dirishani wanaongea na waliokuwa nje.

Halafu kundi la wanane kwenye ramani moja, wanaoiona ni watatu. Mmoja ameshika uzi, mwingine rula, mwingine anaandika. Watano wana nini? Hawana kitu. Na wako mbali na mwalimu, wamezungukwa na marafiki, wana uzi mfukoni maana nilikata vipande vingi. Kwa kweli mimi ndo niliwapanga wafanye fujo.

Mama akanionyesha kitu rahisi kabisa. Darasa letu kila mtoto ana kiti na meza yake, zimepangwa mbili mbili. Wawili wa mbele wanageuza viti tu wanawatazama wawili wa nyuma yao, meza zinabaki palepale. Tayari una kundi la wanne. Kwenye darasa la watu 68 wanaogeuka ni 34 tu, wengine hawainuki kabisa, na makundi yanatoka 17 kamili bila kubakiza mtu. Hesabu isipokubali weka kundi moja la watatu au watano, lakini amua wewe ukiwa nyumbani, usiamue pale.

Na wafundishe kugeuza viti. Ndiyo, kufundisha kabisa, kama unavyofundisha somo. Sakafu ni saruji, kiti cha chuma kikiburuzwa ni kelele ya ajabu, viti 34 vikiburuzwa pamoja huwezi kusikia hata jina lako. Siku ya kwanza nilitumia dakika sita nzima kwa zoezi hilo peke yake. Nikaonyesha mwenyewe na kiti kimoja, simama, nyanyua, geuza, kaa. Usiburuze. Wakafanya, wakaburuza, nikawarudisha kimyakimya wafanye tena. Mara ya tatu ilikuwa safi. Wiki iliyofuata walikuwa wanageuka chini ya dakika moja, na zile dakika sita nilizilipa kwa siku moja tu maana mwanzo zilikuwa zinaondoka 11.

Ila hii njia ina mpaka wake. Darasa lenye madawati ya kukaa watatu ukigeuza wa mbele unapata sita, hapo kila mmoja lazima awe na kazi yenye jina, la sivyo unarudi kwenye shida ileile. Na kuna shule nimeona watoto wamebanana kiasi kwamba kiti hakigeuki, huko tumia wawili wawili walivyokaa usihangaike. Asesa mwenye akili anajua wawili nao ni kundi.

Hatua ya tatu, maelekezo kwanza, kifaa baadaye

Mkononi mwa mtoto wa miaka kumi na nne uzi una sauti kubwa kuliko mwalimu. Ukigawa kwanza ukaeleza baadaye, unashindana na uzi na utashindwa. Mpangilio unaofanya kazi ni huu, na ufuate hivyohivyo bila kuruka. Bado wamekaa wanatazama mbele, hawajageuka, hawana kitu mkononi. Unaeleza kazi. Unaandika hatua ubaoni. Unamwita mmoja aje aonyeshe. Unawaambia muda. Ndipo wanageuka. Wakishageuka na kutulia ndipo vifaa vinatoka, na haugawi wewe, kila mstari una mtu wake wa kugawa umemtaja mapema.

Kwenye kuandika hatua ubaoni kuna jambo la lugha ambalo sisi huku lazima tuliseme waziwazi. Mtoto wa kidato cha kwanza amesoma miaka saba kwa Kiswahili, ghafla Januari kila kitu Kiingereza, na huko nyumbani wengi wanaongea Kimakonde. Mi siku ile nilitoa maelekezo kwa Kiingereza kirefu, sentensi zina "which" na "after having", naongea haraka kwa sababu nimeogopa. Nikamaliza nikauliza kama wameelewa, darasa zima likajibu "Yesi, sa!" kwa sauti ya kutetemesha bati. Nikafurahi. Halafu nikawaambia waanze, kila mtu akamgeukia jirani kuuliza, "Kasemaje?" Watu 68 wakiuliza "kasemaje" kwa wakati mmoja ni soko la samaki, na mi nikalihesabu kuwa ni utovu wa nidhamu.

Kwa hiyo usiulize kama wameelewa. Hilo swali lina jibu moja tu. Mchague mtu kwa jina aeleze hatua ya pili ni ipi, halafu mwingine hatua ya tatu. Wakikwama umejua kabla fujo haijaanza. Mi hatua zangu niliziandika nne kwa Kiingereza chepesi, kitenzi mwanzoni, maneno yasizidi sita, na chini ya kila neno gumu nikaweka la Kiswahili kwa chaki ya rangi. Najua kuna shule watakwambia hapa ni Kiingereza tupu. Ongea na mwalimu mwenyeji kabla, mimi mama alinijibu, "Somo kwa Kiingereza, lakini njia ya kwenda chooni hata kwa Kiswahili mwelekeze." Na mimi maelekezo nayaweka kwenye kundi la njia ya chooni.

Hatua ya nne, kuwanyamazisha

Siku ile nilisema "kipu kwayeti" nadhani mara arobaini. Mara ya kwanza walinyamaza sekunde tano. Mara ya kumi hakuna hata aliyegeuka. Nikapandisha sauti, wao nao wakapandisha ili wasikizane, ikafika mahali koo limekauka. Kosa la ndani zaidi lilikuwa lile la kuendelea kueleza wakati wanaongea. Ukifanya hivyo mara moja umewafundisha kwamba maneno yako ya kwanza si lazima, yatarudiwa.

Chagua ishara moja, ifundishe siku ya kwanza kama ulivyofundisha viti. Yangu ni mkono juu na kuhesabu kurudi nyuma kutoka tano kwa sauti ya kawaida. Tano, weka chini ulichoshika. Tatu, nitazame. Moja, kimya. Kisha unasubiri. Kusubiri ndo kazi ngumu yenyewe, maana kwa mwalimu mgeni sekunde nane za kusimama bila kusema kitu ni kama saa nzima, moyo unadunda, unajiona mjinga. Simama tu. Mtazame anayeongea bila kukunja uso. Usianze sentensi mpaka wa mwisho amenyamaza, na akiongea katikati ya sentensi yako, katisha palepale hata kama ni katikati ya neno. Wiki ya kwanza niliona haifanyi kazi. Wiki ya pili wakawa wanapigana viwiko wenyewe kwa wenyewe.

Usiitumie kila dakika lakini. Ukinyanyua mkono mara kumi kwenye kipindi, ishara inachakaa kama "kipu kwayeti" yangu. Mara tatu nne inatosha, na ukiona unaihitaji zaidi ya hapo rudi kwenye andalio, tatizo liko huko.

Na mgongo wako. Nilikuwa naandika notsi ubaoni dakika kumi mfululizo nimewapa mgongo, nikigeuka kuna kitu kinapaa. Andika mistari miwili mitatu ukiwa umesimama upande, geuka, tembea hadi katikati, rudi. Notsi ndefu na michoro iandike kwenye karatasi ya manila nyumbani, unaibandika tu. Ramani yangu ya mara ya pili ilikuwa kwenye manila tayari.

Yule anayelala na yule anayesumbua

Kuna kijana mmoja wa kiti cha nyuma, jina silitaji, alikuwa analala kila kipindi cha asubuhi na anachelewa. Nilimsimamisha mbele ya wenzake mara mbili. Mara ya tatu akanijibu vibaya, darasa likacheka, nikasema "kesho usiingie darasani kwangu bila mzazi". Kesho yake akaja bila mzazi, akakaa, na mimi sikujua nifanye nini, nikajifanya sijamwona. Darasa zima liliona kwamba sijamwona. Tishio usiloweza kulitekeleza ni bora ulimeze.

Mama ndo akanishtua. "Umenusa sare yake?" Ilikuwa Julai, msimu wa salfa. Wanaojua mikorosho wanajua, ugonjwa wa ubwiri unga unapigwa kwa salfa ya unga, na inapulizwa alfajiri upepo ukiwa umetulia na majani yana umande ili unga ushike. Yule kijana alikuwa anaamka saa tisa usiku kumsaidia babu yake kupuliza, ndipo anatembea kuja shule macho mekundu. Mi nilikuwa nimemwandika mvivu na mjeuri. Nilimwita peke yake nje, si mbele za watu, tukakubaliana siku za kupuliza anakaa karibu na mlango, akisinzia anasimama mwenyewe nyuma bila kuomba ruhusa. Hakuwa malaika baada ya hapo lakini hakunijibu vibaya tena. Kwa hiyo kama uko Mtwara au Lindi kuanzia Juni mpaka Septemba, kabla hujamwadhibu anayelala asubuhi, muulize alikuwa wapi saa kumi alfajiri.

Kwa anayesumbua tu, anza na lililo dogo kabisa. Msogelee huku unaendelea kufundisha, simama karibu na meza yake, usimtazame. Hilo peke yake linamaliza mengi. Lisipotosha gusa meza yake kwa kidole. Kisha jina lake kwa sauti ya chini na kitu cha kufanya, "soma hatua ya tatu", si kitu cha kuacha kufanya. Ndipo mazungumzo baada ya kipindi. Mi nilikuwa naruka moja kwa moja kwenye kumsimamisha mbele, na ukimsimamisha mbele unampa jukwaa na watazamaji 67.

Orodha ya wapiga kelele anayoandika monita nayo niliiamini sana. Niliwapigisha magoti wote waliomo, baadaye nikagundua monita anafuta majina kwa muhogo wa kukaanga. Na siku nyingine niliadhibu mstari mzima kwa sababu sikumjua aliyepiga mluzi, wale waliokuwa upande wangu nikawapoteza siku hiyohiyo.

Fimbo je, mtaniuliza, maana mtapewa. Siku ya kwanza tu mwalimu mmoja alinipa yake akasema, "Hawa bila hii hawaendi." Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema anayeruhusiwa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na vinaandikwa kwenye kitabu. Mwanafunzi wa fildi hauna hayo maandishi. Mtoto akiumia utakuwa peke yako na chuo chako. Na yule mwalimu aliyeingia na fimbo siku ya uzi alinipa kimya cha dakika mbili hivi, alipotoka tu kelele zilirudi kubwa kuliko mwanzo, maana sasa walishajua mwenye darasa si mimi. Ukipewa fimbo pokea kwa heshima, ni wakubwa zako, iache pale ofisini.

Jumatano ya pili, somo lilelile

Nilirudia somo na darasa lilelile wiki moja baadaye. Mistari myekundu ilibaki minne. Fotokopi 17 za ramani, vipande 17 vya uzi, kimoja kwa kundi, vimebandikwa kwa selotepu nyuma ya kila ramani ili visitoke peke yake. Rula walikuwa nazo wenyewe. Kila mmoja kwenye kundi ana kazi kulingana na kiti, wa mbele kushoto analaza uzi, wa mbele kulia anashika mwanzo wake usiteleze, wa nyuma kushoto anasoma rula, wa nyuma kulia anaandika na kupiga hesabu. Barabara ya pili wanabadilishana kwa kuzunguka.

Saa 4:40 swali liko ubaoni. Saa 4:46 naonyesha kwenye manila na kijana mmoja, uzi mnene wa katani uonekane hadi nyuma. Skeli ni 1:50,000, maana yake sentimita moja ni nusu kilomita, barabara yetu ikatoka sentimita 14, mara 0.5, kilomita 7. Nikamwuliza mmoja hatua ya pili, akakosea, nikamrudisha kwenye ubao akasoma. Saa 4:58 wanageuka. Saa 5:00 ramani zinatoka. Nikaandika ubaoni "5:15", hiyo tu, na chini yake kazi ya ziada kwa watakaomaliza mapema, barabara ya tatu iliyopinda zaidi. Hiyo kazi ya ziada usiisahau, kundi lililomaliza ni mwanya mpya.

Kelele zilikuwepo. Ila ukisogea unasikia "kumi na tatu nukta tano", "we umevuta uzi, anza upya". Makundi mawili yalitoa kilomita 28 kwa sababu walizidisha kwa mbili badala ya kugawa, nikawasimamisha wote kwa mkono juu mara moja nikaliweka sawa. Mama nyuma karatasi yake ilitoka na dakika tisa.

Hizo tisa karibu zote zilikuwa mwishoni. Nilisahau kuupigia mstari mwekundu mwanya wa kukusanya, ringi ya gari ikagongwa ya kutoka, watu wakasimama, ramani zikaja mezani kwangu kwa kurushwa. Kwa hiyo anza kukusanya dakika saba kabla ya kengele, waliogawa ndo wakusanye, hesabu mbele yao na hakuna anayegeuza kiti mpaka hesabu itimie. Mimi sikuhesabu, nilipofika ofisini nyuzi zilikuwa 16. Ya 17 niliiona jioni nyuma ya madarasa, imefunga vizuri sana mpira wa makaratasi, na yule kijana wa salfa ndo alikuwa golini.